HDMI inaishia 144Hz na monita ni ya 165Hz

"Wakuu, nina GTX 1060 na monita ya 2560x1440 ya 165Hz. Kwa HDMI naona 144 tu. Fundi kaniambia ninunue waya wa HDMI 2.1. Ni kweli?"

Mkuu usinunue, hiyo hela kula migebuka. Mi niko hapa Kigoma, kadi kama yako na monita ya aina hiyohiyo, nimeshapita huko.

Waya hauongezi namba ya tundu. Kadi yako ina HDMI 2.0, uweke waya wa bei yoyote itabaki 2.0. Tundu hilo linabeba 18 Gbps, ila katika kila biti 10 zinazopita 8 tu ndo picha, kwahiyo inayobaki ni 14.4. Sasa piga hesabu, pikseli 2560 mara 1440, kila moja biti 24, mara 144 kwa sekunde:

```
2560 x 1440 x 24 x 144 = 12.74 Gbps
2560 x 1440 x 24 x 165 = 14.60 Gbps
```

Umeona? 165 imeshazidi 14.4 hata kabla ya kuongeza ile nafasi tupu inayotumwa kati ya picha na picha. 144 inapenya, tena kwa kubanana.

Pembeni ya hiyo HDMI kadi yako ina DisplayPort 1.4, inabeba picha karibu 25.9 Gbps. Hata 1.2 ya zamani ina 17.28, ingetosha. Tafuta waya wa DP kwa DP, mita 2 zinatosha, chomeka kwenye kadi (sio kwenye ubao mama!) kisha nenda Settings > System > Display > Advanced display uchague 165, maana mara nyingi haijichagui yenyewe.

Mi nilipoteza hela hapa. Nilienda duka moja Mwanga nikapewa waya wenye DP upande mmoja na HDMI upande wa pili, nikachomeka HDMI kwenye kompyuta na DP kwenye monita, skrini ikaandika No Signal, nikadhani monita imekufa. Kumbe nyaya zile ni za njia moja, DP inakaa kwa kompyuta na HDMI kwa skrini. Na hata ukiugeuza vizuri unarudi kwenye mipaka ya HDMI, sasa faida iko wapi.

Ukishaweka 165 halafu skrini ikawa inazima sekunde moja na kurudi, au vinukta vinametameta, shusha mpaka 120. Ikitulia, waya ndo dhaifu, badilisha.

HDMI 2.1 ina maana kwa mwenye 4K ya 120 au 144, tena kadi na monita zote ziwe nayo. Hapo ndo utafute waya ulioandikwa Ultra High Speed. Wewe huko hujafika.