Kula sinia moja na kujua kiasi chako

*Assalam alaykum daktari. Nina miaka 54, nina sukari, natumia vidonge. Kliniki niliambiwa nigawe sahani: nusu mboga, robo wali, robo kitoweo. Lakini sisi hapa Langoni, Lamu, tunakula sinia moja watu watano. Sina mizani, na hesabu ya kalori siiwezi. Nitajuaje nimekula kiasi gani?*

Waalaykum salaam mama. Mimi si daktari, ni mtu wa lishe, lakini swali hili naulizwa karibu kila wiki, nami pia nimelelewa kwenye sinia.

Robo ya sahani ya wastani, ile yenye upana wa sentimita 23 hivi, hubeba takriban kikombe kimoja cha wali uliopikwa. Mkononi, hiyo ni ngumi moja. Ngumi zinatofautiana, kwa hiyo ipime yako: jaza bakuli maji hadi pomoni juu ya sufuria kavu, zamisha ngumi hadi kwenye kifundo, kisha mimina maji yaliyomwagika ndani ya chupa ya nusu lita. Yakifika karibu nusu ya chupa, ngumi yako ni kikombe kimoja. Yakizidi sana, usiijaze ngumi nzima.

Shida ni kwamba kwenye sinia huwezi kuweka ngumi juu ya wali mbele za watu, na hata ukiweka, wali ukibonyezwa kuwa tonge hupungua ujazo. Basi hesabu matonge. Siku moja ukiwa peke yako, pakua ngumi yako moja ya wali kwenye sahani, ule kwa mkono kama kawaida yako, uhesabu. Mimi hufika matonge tisa; wewe huenda ukafika saba au kumi na moja. Nambari hiyo ni yako, wala haihitaji kupimwa tena mpaka mkono wako ubadilike. Kwenye sinia, ukifika hapo, wali wako umekwisha, hata kama upande wako bado umejaa. Na sinia lina tabia yake: mtu akiona upande wako umepungua, anakusogezea. Hiyo ndiyo sababu macho hayatoshi.

Kitoweo ni kiganja bila vidole, kwa upana na kwa unene. Kwa samaki mzima angalia nyama, si umbo: changu akiondolewa kichwa na miiba, hubaki karibu nusu yake.

Mboga ndiyo inayopotea kabisa. Kachumbari ya kibakuli kimoja kwa watu watano haifiki nusu ya chakula cha yeyote. Wekewa bakuli lako la mchicha au bamia, ngumi mbili, na ulianze kabla ya wali. Hilo husaidia sukari isipande kwa kasi. Viazi vya kwenye mchuzi na muhogo ni upande wa wali. Ukila kiazi cha ukubwa wa yai, punguza matonge mawili matatu.

Wengi huniuliza, na tui je? Tuhesabu. Kilo moja ya mchele ikiiva hutoa ngumi kama kumi na tano. Nazi moja iliyokunwa kwa mbuzi na kukamuliwa kwa kifumbu, ukiacha mafuta yanayobaki kwenye machicha, chukulia imetoa gramu 70 za mafuta. Ukigawa, kila ngumi inapata chini kidogo ya gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Ukitia nazi mbili, vijiko viwili. Kwa ngumi moja si balaa. Kwa ngumi tatu za nazi mbili ni vijiko sita, na macho hayavioni kwa sababu vimo ndani ya punje. Hapo ndipo mkono unapokosea: unapima ujazo tu, hauoni mafuta. Mahamri na samaki wa kukaanga ni vivyo hivyo.

Sasa jambo moja la hatari. Kuna vidonge vya sukari, kama glibenklamaidi, vinavyoulazimisha mwili kutoa insulini hata usipokula. Ukizoea ngumi tatu za wali kisha ukashuka ghafla hadi moja, sukari inaweza kuanguka: jasho, kutetemeka, kizunguzungu, njaa ya ghafla. Peleka vidonge vyako kliniki, waambie unapunguza wali, wao waangalie dozi kabla hujaanza. Kama unajidunga insulini, hali kadhalika.

Ukishaanza, pima sukari kabla ya kula na saa mbili tangu tonge la kwanza. Kwa wengi inatakiwa iwe chini ya 10 mmol/L katika kipimo hicho cha pili, isipokuwa kliniki imekupa lengo jingine. Ikipita hapo siku kadhaa mfululizo na matonge umeyahesabu sawasawa, tazama kwanza chai ya sukari na kiazi cha kwenye mchuzi kabla ya kuulaumu wali.