Kuhakiki makala ya BAKWATA na serikali

"Mwandishi wa makala ninayoihakiki anasema serikali ndiyo iliyoiunda BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, kwa kuwa EAMWS, jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki iliyokuwapo kabla yake, ilipigwa marufuku Desemba 1968 na BAKWATA ikazaliwa mwezi huohuo. Niandike tu 'ushahidi hautoshi'?"

Hapana ndugu yangu, sentensi hiyo itamwacha gizani. Taja ukurasa, kisha mwonyeshe hoja inapokatika: mambo mawili kufuatana si ushahidi kwamba la kwanza lilipangwa kwa ajili ya la pili. Kuna matawi, yakianzia Bukoba, yaliyojitenga na EAMWS kabla ya marufuku. Makala ikilinyamazia hilo, Waislamu wenyewe wanageuka watazamaji tu katika historia yao, na hilo linaniuma.

Kuna dada aliyeshauri kwamba mwandishi aende kwenye nyaraka za serikali; ana nusu ya jibu. Zitaonyesha serikali ilitaka nini, si waliojitoa walitaka nini.

Mwombe atenganishe "iliunga mkono" na "iliunda", na kila dai alipe ushahidi wake. La kwanza huenda tayari analo, basi mwandikie hivyo waziwazi.

Kuikataa au kuirudisha kwa masahihisho makubwa? Inategemea: ukiliondoa neno "iliunda", makala inabaki na nini?