Kuvunja bima ya maisha Marekani ukiwa na mkopo ndani yake: kodi inatoka wapi

> "Nina bima ya maisha ya kudumu hapa Marekani, imetimiza miaka 18. Nimelipa dola 200 kila mwezi, jumla 43,200, na 8 kati ya hizo 200 ni nyongeza ya kifo cha ajali. Miaka ya mwanzo nilichukua gawio taslimu, jumla dola 1,900. Baadaye nikaacha gawio linunue bima ya ziada. Nina mkopo wa 14,000 ambao na riba umefika 15,800. Wanasema nikiivunja nitapata cheki ya 36,500, na bado kuna kodi. Kodi ya nini wakati nimepata hasara?"

Ndugu, kodi ipo, na imejificha kwenye mkopo. Unalinganisha cheki na premiamu ulizolipa, lakini sheria hailinganishi hivyo.

Kifungu cha 72(e) cha sheria ya kodi ya Marekani kinasema hivi: ukivunja bima yote, kinachotozwa kodi ni kile kilichozidi mtaji wako ndani ya mkataba. Mtaji huo unarudi kwako bila kuguswa. Kwa hiyo kuna namba mbili tu za kutafuta, yaani umepokea kiasi gani, na mtaji wako ni kiasi gani. Kwenye hesabu yako zote mbili zimekosewa.

Tuanze na ulichopokea. Siku ulipochukua ile 14,000 hukutozwa kodi kwa sababu lilikuwa deni, na dhamana yake ni thamani ya bima yenyewe. Ukivunja bima, kampuni inajilipa deni lake kutoka kwenye thamani hiyo kabla ya kukuandikia cheki. Kwa macho ya kodi ni sawa na kukabidhiwa fedha yote mkononi, kisha wewe mwenyewe ukalipa deni. Umepokea 36,500 pamoja na 15,800, yaani dola 52,300. Ile riba ya 1,800 ambayo hukuilipa imo humo humo. Wala riba ya mkopo haihesabiwi kuwa premiamu, hata kama ungekuwa unailipa kila mwaka kutoka mfukoni.

Sasa mtaji. 43,200 ni fedha iliyotoka kwako, lakini si yote inayohesabika. Zile dola 8 za nyongeza ya ajali hazikununua bima ya maisha yenyewe, kwa hiyo zinatolewa: 8 mara miezi 216 ni 1,728. Gawio ulilochukua taslimu nalo linatolewa, kwa sababu kwa bima za aina hii gawio huhesabiwa kama kurudishiwa sehemu ya premiamu, ndiyo maana hukulitolea kodi wakati ule. Kwa hiyo 43,200 ukitoa 1,728 na 1,900 inabaki 39,572.

Gawio lililonunua bima ya ziada liache kama lilivyo. Hukulishika mkononi, kwa hiyo halipunguzi mtaji. Wala si fedha yako mpya, kwa hiyo haliongezi. Thamani yake tayari imo ndani ya 52,300. Hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya: wanajumlisha gawio hilo kwenye premiamu na kupata faida ndogo kuliko ilivyo.

Jambo moja liko upande wako. Sehemu ya premiamu zako miaka yote hii ililipia kinga ya kifo, na wapo wanaodhani sehemu hiyo "imeshaliwa" na lazima itolewe kwenye mtaji. Haitolewi. Mwaka 2009 IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ilitoa uamuzi namba 2009-13, na mfano wake ni wa mtu aliyelipa premiamu 64,000 akavunja bima kwa 78,000. Gharama ya kinga kwake ilikuwa 10,000, lakini faida ikabaki 14,000, si 24,000.

Faida yako basi ni 52,300 ukitoa 39,572, sawa na dola 12,728. Inatozwa kama mshahara, haipati kile kiwango nafuu cha faida ya hisa. Ikiwa yote inaangukia daraja la asilimia 22, kodi ya shirikisho ni kama dola 2,800, na kodi ya jimbo juu yake kama jimbo lako linatoza. Kama unapata ruzuku ya bima ya afya ya serikali, angalia hapo pia, kwa sababu hii 12,728 inaongeza kipato chako cha mwaka na ruzuku inaweza kupungua. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, vunja kwenye mwaka ambao kipato chako ni kidogo.

Usiharakishe kulipa mkopo ukidhani utapunguza kodi. Ukilipa 15,800 leo, kesho cheki itakuwa 52,300 na faida itabaki ile ile 12,728. Kuihamisha bima kwenye mkataba mwingine kwa kifungu cha 1035 kunaahirisha kodi, lakini kama deni linafutwa katika kuhama huko, kiasi kilichofutwa kinatozwa kodi hadi kufikia faida yote. Kwako deni ni kubwa kuliko faida, kwa hiyo hutaokoa chochote bila kulimaliza deni kwanza.

Ninachokusihi usifanye ni kuacha kulipa na kuitelekeza. Riba itaendelea kula thamani mpaka bima ife yenyewe. Siku hiyo hutapata cheki, ila faida itahesabiwa vile vile, na utadaiwa kodi ya fedha uliyoitumia miaka mingi nyuma.

Kabla ya kusaini, iombe kampuni ikupe kwa maandishi mtaji wako kwa hesabu za kodi, si jumla ya premiamu tu. Pia watakupa fomu W-4R, ya kuchagua kiasi cha kodi watakachozuia kwenye malipo yako. Usipoijaza watazuia asilimia 10 ya faida, kwako 1,272.80. Kumbuka hayo ni malipo ya awali, si kodi kamili, kwa hiyo tenga kama 1,500 nyingine.

Kama una mpango wa kurudi nyumbani moja kwa moja, hesabu inabadilika. Ukishakuwa mgeni asiye mkazi kikodi, kampuni inazuia asilimia 30 ya faida, kwako 3,818, na si Tanzania wala Kenya iliyo na mkataba wa kodi ya mapato na Marekani wa kuipunguza. Kama uko kwenye daraja la asilimia 22, ni nafuu kuivunja kabla hali yako ya ukazi haijabadilika.

Fomu 1099-R, ambayo kampuni hutumia kuripoti malipo haya, inatakiwa itumwe kabla ya Januari ya mwaka unaofuata kuisha. Kisanduku 1 kitasoma 52,300, nacho huwashtua watu kwa sababu hakifanani na cheki. Ni ule mkopo. Kisanduku 2a kiwe 12,728, kisanduku 5 kiwe 39,572, na kisanduku 7 kwa kawaida ni namba 7. Kwenye ritani, fomu 1040, kisanduku 1 kinaingia mstari 5a na kisanduku 2a mstari 5b. Kisanduku 5 kikitofautiana na hesabu yako, iandikie kampuni uwaombe wakuonyeshe walivyotoa gawio na nyongeza, na kama wamekosea watoe fomu iliyosahihishwa kabla hujatuma ritani.