Maswali na Majibu: Kodi ya Banda Iliyolala Ndani ya Katoni

Shikamoo mwalimu. Tunatengeneza sabuni za miche. Oktoba tulianza stoo ikiwa tupu, tukazalisha katoni 4,000, tukauza 3,000. Mhasibu kaniletea karatasi mbili: moja inasema faida milioni 7, nyingine milioni 10. Ipi ya uongo? (Morogoro)

Marahaba. Hakuna ya uongo. Nimezipitia karatasi zote mbili, na mauzo ni yaleyale, matumizi ni yaleyale. Zinatofautiana kwa jambo moja tu, nalo ni thamani ya katoni 1,000 zilizobaki stoo.

Katoni moja mnaiuza shilingi 20,000. Mafuta, kostiki soda, boksi lenyewe na ujira wa wanaolipwa kwa katoni vinakula 12,000. Hizo ni gharama badilifu: usipotengeneza katoni, hazipo. Halafu kuna milioni 12 za kudumu kiwandani kila mwezi, yaani kodi ya banda, mshahara wa msimamizi na mlinzi, na uchakavu wa mashine. Hizi zinatoka hata mkilala. Ofisi na mauzo vinachukua milioni 5 nyingine, na karatasi zote mbili zimeziondoa zote ndani ya Oktoba, kwa hiyo tuziache kando.

Karatasi ya kwanza imetumia njia ya maginali. Kila katoni iliyouzwa inaacha 8,000, na kwa katoni 3,000 hiyo ni milioni 24. Toa milioni 12 za kiwanda zote kwa mpigo, toa 5 za ofisi, zinabaki 7. Katoni zilizo stoo zimeandikwa kwa 12,000 kila moja.

Karatasi ya pili imetumia njia ya kubebesha, ile wanafunzi wa uhasibu wanayoiita abzopsheni. Milioni 12 za kiwanda zimegawanywa kwa katoni 4,000, ambacho ndicho kiwango chenu cha kawaida kwa mwezi, na kila katoni ikabebeshwa 3,000. Gharama yake sasa ni 15,000, na ikiuzwa inaacha 5,000. Katoni 3,000 zinaleta milioni 15. Toa 5 za ofisi, zinabaki 10.

Tazama sasa katoni moja iliyobaki stoo. Ndani yake kuna sabuni, na kuna shilingi 3,000 za kodi, mlinzi na mashine. Zidisha kwa katoni 1,000 upate milioni 3. Maginali imezihesabu kuwa gharama ya Oktoba. Kubebesha kumeziacha zisubiri stoo mpaka katoni ziuzwe.

Hizo milioni 3 ziko wapi? Benki sizioni. (msomaji huyohuyo)

Hutaziona, kwa sababu mwenye banda alishalipwa. Fedha imetoka. Kilichobaki ni tarakimu kwenye mizania, ndani ya thamani ya mzigo.

Na Novemba itaidai. Tuseme mnazalisha katoni 2,000 tu na kuuza 3,000 tena, mkimaliza zile 1,000 za zamani. Kwa maginali faida ni milioni 7 tena, maana mauzo hayakubadilika. Kwa kubebesha, katoni 2,000 mpya zinabeba milioni 6 tu kati ya 12 za kiwanda. Milioni 6 nyingine hazina katoni ya kuzibeba, kwa hiyo zinaandikwa kuwa gharama ya mwezi huohuo. Katoni za Oktoba nazo zinatoka stoo na milioni 3 zao mgongoni. Faida inashuka hadi milioni 4.

Jumlisha miezi miwili: 10 na 4 ni 14, 7 na 7 ni 14. Mzigo wa kufungia, yaani ulio stoo mwisho wa kipindi, ukizidi wa kufungulia, yaani ule wa mwanzo wake, kubebesha kunaonyesha faida kubwa zaidi; ukipungua, kunaonyesha ndogo zaidi. Ukilingana, na gharama za katoni hazikubadilika, faida inakuwa moja kwa njia zote mbili.

Kumbe meneja anayelipwa bonasi kwa faida anaweza kuzalisha tu, ajaze stoo, apate bonasi? (Mombasa)

Anaweza, na nimeliona kwa macho yangu. Nikiwa mhasibu msaidizi katika kiwanda fulani, mwaka mmoja mwezi Desemba katoni zilipangwa hadi kwenye korido. Mauzo hayakuwa yamepanda, lakini faida ilipanda na bonasi ikalipwa. Machi nilifungua katoni moja ya chini kabisa. Miche ilikuwa imekauka na kusinyaa, kidole changu kikapita kati ya sabuni na ukuta wa boksi, na mizani ikasoma pungufu ya uzito ulioandikwa kwenye karatasi. Ilibidi mzigo ule uuzwe kwa bei ya kutupa. Iliniuma, kwa sababu waliopunguziwa zamu mwaka uliofuata, stoo ilipokuwa inamalizwa, hawakuwa wamepata senti ya bonasi ile.

Dalili ni rahisi kuziona ukizitafuta. Hesabu mzigo ulio stoo unatosha siku ngapi za mauzo. Hapo juu katoni 1,000 kwa mauzo ya 3,000 kwa mwezi ni siku 10, jambo la kawaida. Siku hizo zikiruka hadi 40 huku mauzo yamesimama, uliza. Kisha weka faida karibu na fedha iliyoingia kutokana na biashara. Faida ikipanda miezi mitatu mfululizo na fedha inashuka, nenda stoo mwenyewe ukiwa na daftari. Mimi ningefunga bonasi ya msimamizi wa uzalishaji kwenye faida ya maginali, maana kujaza stoo hakuiongezi hata shilingi.

Mkaguzi anataka ipi? Na mwezi wa uzalishaji mdogo naweza kugawa gharama za kiwanda kwa katoni chache tulizotengeneza? (Dar es Salaam)

Kwa hesabu zinazotoka nje ya ofisi ni kubebesha. Kiwango cha kimataifa IAS 2 ndicho kinachotaka hivyo, na Tanzania inafuata viwango hivyo tangu 2004. Maginali ibaki kwa maamuzi ya ndani.

La pili, hapana. Ukigawa milioni 12 kwa katoni 2,000, kila moja itabeba 6,000, na uzembe wa mwezi ule utakuwa umefichwa stoo kama mali. IAS 2 inataka ugawe kwa uzalishaji wa kawaida, na kisichobebwa kiwe gharama ya kipindi kilekile. Gharama za kuuza hazipandi kwenye katoni kabisa. Na bei ya soko, ukishatoa gharama za kuuzia, ikianguka hadi 14,000, katoni ya 15,000 lazima ishushwe hadi 14,000.

Mimi nashona sare za shule kwa oda tu, nikimaliza zinachukuliwa. Inanihusu? (Mwanza)

Kama hubaki na sare iliyoshonwa wala iliyo nusu mwishoni mwa mwezi, haikuhusu.

Nina taarifa ya mkaguzi tu. Naipataje faida ya maginali bila kuanza upya? (Arusha)

Chukua gharama za kudumu za kiwanda zilizomo ndani ya mzigo wa kufungia, toa zilizomo ndani ya mzigo wa kufungulia, kisha jibu lipunguze kwenye faida ya mkaguzi. Likiwa hasi, faida inaongezeka. Wengi hukosea kwa kuzidisha tofauti ya katoni kwa kiwango cha mwaka huu pekee. Katoni 500 za kufungulia zilizobebeshwa 2,600 mwaka jana zina milioni 1.3 ndani yake hata kama mwaka huu mnabebesha 3,000, kwa hiyo omba karatasi ya mkaguzi ya mwaka uliopita kabla hujashika kikokotoo.