Maltiplaya ya logi inagonga 11V: umeacha kutoa logi moja

"Wakuu msaada. Nimejenga maltiplaya ya analogi kwa njia ya logi, jumlisha, antilogi. Opampu 741 nne, transista 2N3904 tatu, rezista za 10k kila mahali. Natarajia 2V na 3V zinipe 0.6V, yaani zidisha halafu gawanya kwa 10, lakini inagonga 11V na haishuki. Nikaweka poti kati ya kijumlishi na antilogi nikashusha mpaka ikasoma 0.6V, ila nikipandisha ile 2V iwe 4V inasoma 0.83 badala ya 1.2. Na nikigusa transista kwa kidole namba inahama. Kosa wapi?"

Yakhe, hiyo 0.83 imenichekesha kwa sababu mimi namba kama hiyo iliniweka macho wiki mbili hapa Kisauni, na jibu lilikuwa mbele ya macho yangu siku zote.

Anza na ile 11V. Transista kwenye fidibeki ya opampu haikupi logi ya karenti yako peke yake, inakupa logi ya karenti ukigawanya kwa Is, ule mvujo mdogo wa transista yenyewe, ambao kwa 2N3904 ni kama 1e-14 A hivi. Sasa wewe una logi mbili, kwa hivyo ukijumlisha umebeba Is mbili chini, halafu antilogi inakurudishia Is moja tu juu. Moja imebaki chini haina mwenzake:

```
ulichojenga:   I4 = I1 * I2 / Is
unachotaka:    I4 = I1 * I2 / I3
```

Weka namba zako uone. 2V kwa 10k ni 200 µA, 3V ni 300 µA, zidisha, gawanya kwa 1e-14, unapata ampia milioni sita. Opampu maskini inajaribu kukupa ampia milioni sita, inafika 11V inachoka hapo. Kwa volti ni rahisi zaidi kuona, kila logi inatoa kama 0.6V, ukijumlisha ni 1.2V, na transista ya antilogi ukiipa 1.2V kati ya besi na emita haina namna, hiyo inataka 0.6V na kidogo basi.

Sasa poti. Ulifikiri unapunguza tu, kumbe ukiwa upande wa logi kupunguza kwa poti sio kugawanya jibu, ni kutafuta kipeuo chake. Ukigawanya logi kwa mbili umechukua kipeuo cha pili! Ndio maana 2V ilipokuwa 4V jibu halikuzidi mara mbili, lilizidi mara 1.38 hivi. Ungegawanya nusu kamili ungesoma 0.85, lakini ili 1.24V ishuke mpaka 0.58V poti yako imekaa kwenye 0.47, na 2 kwa kipeo cha 0.47 ndio hiyo 1.38. Kwa hivyo mashine yako inafanya kazi sawasawa kabisa, ila inafanya hesabu nyingine. Mtu yeyote akiona anapandisha ingizo mara mbili na tokeo linapanda mara 1.4 ajue mahali fulani kwenye njia ya logi kuna kitu kinagawanya.

Dawa ni kutoa volti, usigawanye, na ya kutoa ni logi ya tatu, transista nyingine inayopitisha karenti ya rejea isiyobadilika. Is mbili juu, Is mbili chini, zinakufa zote.

Lakini hapa ndipo mimi nilipokwama mara ya pili, kwa hivyo sikiza vizuri kabla hujakimbilia kuongeza rezista nyingine kwenye kijumlishi. Antilogi ni emplifaya ya eksponenti, kwake milivolti 18 ni kuzidisha mara mbili na milivolti 60 ni mara kumi. Rezista za 1% unaona ni nzuri, sivyo? Ikikosea 1% kwenye 0.6V umekosea 6 mV, na 6 mV baada ya antilogi ni kosa la 26%. Zile za 5% za kawaida zinakupa 30 mV, yaani jibu mara tatu ya ukweli. Juu yake weka ofuseti ya opampu ya kijumlishi yenyewe, milivolti mbili tatu, hapo hapo umeongeza 12%. Nilinunua rezista mpaka mwenye duka akaniuliza kama nafungua duka langu.

Suluhisho ni kukitoa kijumlishi kabisa. Junction zenyewe zijumlishe kwa kupandana moja juu ya nyingine, emita ya hii iwe besi ya ile. Zote NPN, kila kolekta iko kwenye mguu wa − wa opampu yake na mguu wa + uko grauni. T1 ya x, besi grauni, emita inashuka −0.6V. T2 ya y, besi yake ishike emita ya T1, emita yake inakuwa −1.2V. Hapo umejumlisha bila rezista hata moja. Upande wa pili T3 ya rejea, besi grauni, emita −0.6V, hiyo ndiyo besi ya T4, na emita ya T4 inashikana na emita ya T2 kule kwenye −1.2V. Kwa hivyo T4 inaona 1.2 toa 0.6, karenti ya kolekta yake ndio jibu, na opampu ya nne yenye rezista ya 100k inaigeuza iwe volti chanya. Utamu wa mpango huu ni kwamba ofuseti za opampu haziingii kwenye mnyororo wa logi hata kidogo, zinabaki kwenye ingizo na tokeo ambako 3 mV kwenye 10V si kitu.

La kidole sasa. Vbe inashuka kama 2 mV kwa kila digrii, na 2 mV kwa antilogi ni 8%. Transista mbili zikitofautiana digrii moja tu, basi 8%. Kidole chako ni zaidi ya digrii moja, feni ya darini ni zaidi ya digrii moja, na Mombasa mwezi wa pili kibanda cha mabati kikipata upepo upande mmoja usiulize. Kwa hivyo nne zote lazima ziwe ndani ya kipande kimoja cha silikoni. Tumia CA3046 (LM3046 ni ile ile), ndani mna transista tano. Na angalia bahati hii: mbili za kwanza, pini 1 mpaka 5, emita zake zimeungwa pamoja kwenye pini 3, watu wanailaumu aisii kwa hilo, kumbe T2 na T4 zetu emita zake ni moja! Ziweke hapo. T1 ichukue pini 6, 7, 8 (besi, emita, kolekta), T3 ichukue 9, 10, 11. Ya tano usiitumie, lakini pini 13 ndio sabstreti, lazima iende −12V, ukiisahau utaona maajabu.

Opampu weka TL074, mna nne ndani, kwa hivyo kazi nzima ni aisii mbili. 741 inanyonya kama 80 nA kwenye ingizo, kwa 100 µA haisumbui ila ukishuka 1 µA hiyo ni 8% imeenda.

Nilichojengea mimi ni mita ya wati ya paneli ya sola ya shemeji yangu, anachaji simu za watu Likoni, na alitaka mshale tu, hataki vioo vya namba. Volti ya paneli inaingia kwa 200k, kwa hivyo 20V ni 100 µA. Karenti inapita shanti ya 0.1 Ω (ya wati 5, maana kwa 5A inakula wati 2.5), inatoa 0.5V, OP07 inaikuza mara 20 iwe 10V, 100k, tena 100 µA. Rejea 10V kwa 100k. Basi 20V na 5A ni 100 µA kwenye T4 ambayo ni 10V tokeo, yaani kila volti ni wati kumi. Mchana 18V na 5A ilinipa 90 µA, 9V, wati 90 safi.

Kabla ya hapo kuna kuiseti. Ndani ya aisii transista zinaweza kupishana milivolti chache, hiyo inaleta kosa la asilimia ile ile kila mahali, kwa hivyo unaimaliza kwa trimpoti moja kwenye rezista ya rejea: weka 20V kwenye ile 200k ya paneli na 10V kwenye 100k ya karenti, zungusha mpaka isome 10.00. Halafu 2V na 1V, lazima isome 0.100. Ikisoma 0.104 usiguse rejea tena, hiyo ni ofuseti ya opampu, malizana nayo kwa tokeo.

CA3046 ya kwanza niliiua mwenyewe. Usiku paneli ni sifuri, ofuseti ikafanya ingizo liwe hasi kidogo, na logi ya hasi hakuna, kwa hivyo opampu ikaruka mpaka +11V ikasukuma emita kinyume. Datashiti inasema mwisho 5V. Asubuhi ilifanya kazi vizuri tu, ila mechi imeharibika na kelele imeingia, nikahangaika na trimpoti siku tatu. Kila transista yenye opampu yake kwenye emita, yaani T1, T2 na T3, iwekee 1N4148, anodi kwenye emita, kathodi kwenye besi. Na kati ya tokeo la opampu na emita tia 2.2k, pamoja na 100 pF kutoka tokeo mpaka mguu wa −, kwa sababu transista kwenye fidibeki inaongeza geini na bila hizo inaimba. Ukiona jibu linacheza ukisogeza mkono karibu na waya bila kugusa, inaimba.

Ukikosa CA3046 madukani, chukua 2N3904 kama ishirini za pakiti moja, zipime Vbe kwa karenti moja ukizishika kwa koleo sio kwa vidole, chagua nne zilizokaribiana, zigandishe bapa kwa bapa na uzifunge kwa mpira wa joto. Yangu ya hivyo ilikaa ndani ya 5% kwenye kivuli, nikiiweka mlangoni penye upepo wa bahari ilikuwa inatembea yenyewe.