Mashine haina kosa, hesabu ndiyo ilibeba mia badala ya sitini

Wiki iliyopita kijana mmoja aliye kwenye mafunzo kwa vitendo aliniandikia usiku. Wamepima kiwanja cha pembe sita, wamejumlisha pembe za ndani, na jumla imekuja 719°58'28". Ilitakiwa iwe 720° kamili. Kiongozi wa kikundi ameshasema theodolaiti, mashine yao ya kupimia pembe, imeharibika, na asubuhi wanaifunga kwenye boksi irudi Dar kukaguliwa. "Kaka, kuna njia nyingine kabla haijaondoka?"

Nilicheka peke yangu kitandani, kisha nikanyamaza, maana kosa hilo nalijua kama ninavyolijua kovu la gotini kwangu. Nikamwomba kitu kimoja tu: anitumie sekunde za zile pembe sita, zingine aziache. Akatuma 48, 37, 19, 52, 41, 31. Jumla yake ni 228. Nikamuuliza, hapo uliandika nini? Akajibu: "Niliandika 28, nikabeba 2."

Nitarudi kwake. Kwanza niwasimulie langu, kwa sababu kijana huyu ana bahati: yeye aliuliza usiku wa kwanza. Mimi sikuuliza mtu.

Nilikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Tulikuwa tunapima mashamba huko Mvomero, mkoani Morogoro, na nikapewa travesi yangu ya kwanza ya kusimamia mwenyewe, yaani kuzunguka shamba nikipima kona moja baada ya nyingine: pembe tano, shamba la kawaida, bikoni zimeshasimikwa. Nilikuwa na theodolaiti, vijana wawili wa kushika fito, na kichwa kilichovimba. Nilipima pembe zote tano kwa siku moja, na jioni nikakaa kwenye kitanda cha nyumba ya wageni kufanya hesabu. Kalkuleta yangu nilikuwa nimeisahau ofisini. Nikatumia simu.

Pembe zenyewe ni hizi, ninazo mpaka leo kwenye daftari:

112°47'38"
97°52'49"
124°36'57"
89°18'44"
115°23'42"

Pembe za ndani za umbo lenye pembe tano lazima zijumlike kuwa 540°. Unatoa 2 kwenye idadi ya pembe, unazidisha kwa 180. Kwenye simu niliziingiza kama 112.4738, kisha 97.5249, na kuendelea hivyo hivyo, digrii kabla ya nukta, dakika na sekunde baada ya nukta. Simu ikanipa 538.783. Nikaisoma: digrii 538, dakika 78, sekunde 30.

Na hapa ndipo kiburi kiliponiponza. Niliona kwamba dakika 78 haiwezekani! Nikajisifu, kwamba mwenzangu mvivu angeipita. Nikatoa 60, nikapandisha digrii moja, nikapata 539°18'30". Pungufu ya 540° kwa dakika 41 na sekunde 30. Tulikuwa tumeruhusiwa kama sekunde 45 kwa shamba zima. Nikahitimisha kwamba mashine imegongwa njiani.

Siku ya pili tukarudi shambani tukapima upya pembe zote. Zilitofautiana na za jana kwa sekunde mbili, tatu, moja ilitofautiana tano. Siku ya tatu tukarudi tena. Sasa fikiria: mashine iliyoharibika inawezaje kutoa pembe zile zile kila siku? Jua la Mvomero lilikuwa kichwani, sikufikiri.

Jioni hiyo alikuja mzee aliyekuwa msimamizi wetu, mtu wa theodolaiti za zamani za kusoma kwa darubini. Hakugusa mashine. Aligeuza pakiti yake ya sigara akaandika zile pembe tano kwa safu, akaanza na safu ya upande wa kulia. Sekunde: 38 na 49 ni 87, na 57 ni 144, na 44 ni 188, na 42 ni 230. "Ndani ya 230 kuna sitini ngapi?" Tatu, maana tatu ni 180. Zinabaki 50. Akaandika 50, akabeba 3 juu ya safu ya dakika. Dakika: 47, 52, 36, 18 na 23 ni 176, pamoja na 3 alizobeba ni 179. Ndani yake kuna sitini mbili, 120, zinabaki 59. Akaandika 59, akabeba 2. Digrii zilifika 537, na 2 zikawa 539.

539°59'50". Pungufu ya sekunde 10 tu. Kazi yangu ya siku ya kwanza ilikuwa safi kabisa.

Mafuta ya siku mbili na posho za vijana nilikatwa mimi. Mzee hakunisema popote, lakini mmoja wa wale vijana alikuwa amesikia, na kwa miaka miwili ofisi nzima iliniita Sabini na Nane. Mpaka leo nikipigiwa na namba nisiyoijua nikasikia "Sabini na Nane hapo?", najua ni mtu wa zamani zile, na sifurahi anavyodhani ninafurahi.

Sasa sikilizeni vizuri, ndugu zangu. Simu yangu haikudanganya. Ilijumlisha namba za kumi kumi kama ilivyoagizwa, na kwenye namba hizo nafasi ikifika 100 ndipo inabeba moja kwenda kushoto. Lakini hiyo moja ikishatua kwenye dakika, thamani yake ni sekunde 60 tu. Umechukua 100 umelipa 60. Arobaini zimepotea njiani, na hakuna alama yoyote inayobaki kwenye jibu. Daladala ikiondoka saa 2:50 ikatembea dakika 25, hakuna anayesema imefika saa 2:75, sote tunasema 3:15. Kwenye saa hatukosei kwa sababu tumezoea. Kwenye pembe tunakosea kwa sababu ile nukta inatufanya tuzione kama shilingi na senti.

Ndiyo maana kosa hili lina sura yake, na ukiijua sura hiyo unalitambua hata bila kuona daftari la mtu. Kila ubebaji wa mia badala ya sitini unakula 40. Angalia langu: sekunde 230 zilibebwa kwa mia mara mbili, zikapotea sekunde 80, yaani 1'20". Dakika 178 zilifika mia mara moja, zikapotea dakika 40. Jumla 41'20". Ongeza sekunde 10 ambazo ni kosa halali la upimaji, unapata 41'30" niliyoihangaikia siku tatu. Zile 78 nilizozishika kwa fahari zilikuwa ndilo kosa pekee lililojionyesha. Baada ya kuzirekebisha nikaona nimemaliza, kumbe mia zilikuwa zimeshabebwa chini yake, kwenye sekunde na kwenye dakika zenyewe.

Kwa hiyo ukikuta travesi haifungi, yaani pembe hazifiki jumla inayotakiwa, toa 40 kwanza kwenye lile pengo, mara moja, mara mbili, mara tatu, kwa sekunde au kwa dakika. Kikibaki kiasi kidogo cha kawaida, usiguse mashine, rudi kwenye safu. Likikaribia dakika moja kamili au digrii moja kamili, kuna uwezekano mkubwa ulisahau kuongeza ulichobeba, au ulisoma vibaya namba moja. Pengo lisilo na sura yoyote ya namna hiyo, hapo ndipo uanze kuitilia shaka pembe yenyewe.

Na msije mkafanya kile ambacho mimi nilikaribia kukifanya usiku wa pili: kuligawa kosa la hesabu kwenye pembe zote. 41'30" kwa pembe tano ni 8'18" kila moja. Kwenye mstari wa mita 200 pembe hiyo inasogeza bikoni karibu nusu mita pembeni. Karatasi ingefunga vizuri, na jirani angekuwa na haki ya kuja na panga.

Kuhusu kujumlisha kwenyewe sina mengi ya kuwaongezea zaidi ya pakiti ya sigara ya yule mzee. Safu tatu, anza kulia, jumlisha safu nzima kwanza halafu ndipo ugawe kwa 60, usigawe kila unapoongeza pembe moja. Ulichobeba kiandike juu, usikiweke kichwani. Kisha jumlisha tena kutoka chini kwenda juu. Nimeshasema anza kulia? Anza kulia.

Kwenye kutoa ni mtego ule ule umegeuzwa, maana ukikopa digrii moja unapewa dakika 60, si 100. Dawa yake ni kutokopa kabisa. Ukitaka kutoa 112°47'38" kwenye 180°, iandike 180° kama 179°59'60". Kila safu inajitegemea: 67°12'22". Mzee aliandika 179°59'60" kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu, na mimi naiandika kwenye la kila anayekuja kwangu, wapende wasipende.

Wenye kalkuleta ya kisayansi tumieni kitufe cha `° ' ″`, kipo kwa ajili hiyo. Na wale wa Excel, msiandike nukta. Andikeni kama saa, 112:47:38, halafu jumla:

```
=SUM(B2:B6)
```

Umbizo la seli ya jumla liwe `[h]:mm:ss`, na hayo mabano msiyaache. Ukiweka `h:mm:ss` bila mabano, Excel inadhani ni saa ya ukutani, inatupa kila 24, na jumla yangu ya 539:59:50 inaonekana 11:59:50. Nimeona mtu mzima mwenye shahada akitaka kulia mbele ya hiyo 11.

Basi, yule kijana. 228 ina sitini tatu, siyo mbili. Tatu ni 180, zinabaki 48. Aliandika 28, akabeba 2, akapoteza sekunde 80. Dakika zake alizifanya vizuri kabisa, maana hapo aliona 60 ikimkodolea macho. Nikamwambia airudie mwenyewe bila mimi kumpa jibu. Baada ya dakika kumi akatuma 719°59'48", na chini yake: "Kaka, zimebaki sekunde 12. Nigawe mbili mbili?"

Nikamjibu ndiyo, mbili kila pembe, maana hizo ni kosa halali la upimaji. Bado hajaniambia kama ile mashine ilipakiwa kwenye basi la asubuhi.