Jibu: mkataba na fundi wa nyumba

"Fundi wangu hapa Buswelu anataka nusu ya pesa ndipo aanze. Mkataba tuuandikeje?"

Ndugu, usitoe nusu. Mlipe kila hatua ikiisha: msingi, kuta hadi linta, kupaua, plasta. Vifaa nunua mwenyewe, na kila mfuko wa saruji unaoshushwa fundi ausainie daftarini.

Kipengele ambacho wengi hukisahau ni pesa ya kubaki. Ufundi wa nyumba yangu, Igoma, ulikuwa milioni 4; tuliandika laki 4 kati ya hizo nisimlipe fundi hadi masika yapite. Aprili maji yakapenya pale bati linapokutana na ukuta, plasta ya ndani ikavimba. Fundi alirudi, akaziba, tukangoja mvua nyingine mbili, akachukua chake. Andikeni pia kwamba kasoro ya ufundi anairekebisha bure, ila kifaa kibovu ulichonunua ni juu yako. Sainini mbele ya mashahidi, kila mmoja abaki na nakala.